Elfu kumi chini ya kopo la sukari: kisa cha Baba Mapacha baada ya kazi kuisha

Nianze na hesabu, mana watu wakisikia mwanaume kaachishwa kazi na ndoa inayumba wanakimbilia kusema ni njaa hiyo. Hawa ninaowaandika hawakuwa na njaa. Nimekaa nao mezani na daftari, tukapiga mahesabu, ikaonekana kwa hela waliyonayo wanaweza kuishi zaidi ya mwaka bila kukopa mtu, na siku hiyohiyo mama alikuwa ameshapanga nguo kwenye begi aende kwao Mpwapwa. Hapo ndo kisa kilipo.

Mimi ni mweka hazina wa kikoba huku Ilazo, Dodoma mjini. Sio mshauri wa ndoa mwenye cheti, ila mweka hazina ndo huwa wa kwanza kujua nyumba fulani kuna kitu, mama aliyekuwa analeta hisa na marejesho kabla ya kikao anaanza kuleta mwishoni, halafu nusu, halafu anatuma mtu. Wamenikubalia niandike, vitu vinavyoweza kuwatambulisha nimebadili, tuwaite Baba Mapacha na Mama Mapacha kwa sababu wana mapacha wa darasa la tatu.

Baba alikuwa msimamizi wa stoo kwa mkandarasi mmoja aliyekuwa na kazi kule Mtumba. Mshahara 900,000 kabla ya makato, ukitoa NSSF na kodi inabaki kama 729,500 mkononi. Mama ni nesi zahanati binafsi, anapokea 520,000 mkononi, na pembeni anauza mafuta ya alizeti kwa wafanyakazi wenzake na majirani, faida kama laki moja kwa mwezi. Mpangilio wao ulikuwa ule wa nyumba nyingi za hapa: baba analipa kodi ya nyumba, ada, na kila asubuhi anaacha elfu kumi mezani ya matumizi. Hela ya mama ni ya mama, ananunua nguo za watoto, anacheza kikoba, anatuma kwao. Hakuna aliyekaa akaupanga huo mpangilio, ulijipanga wenyewe tangu harusi.

Mwisho wa mwezi wa 5 mradi ukapungua, watu wakapunguzwa. Hapa niseme kitu kimoja cha upande wa kazi kwa sababu kiliokoa kila kilichofuata. Afisa utumishi alimwita akamwambia bro andika barua ya kuacha kazi mwenyewe, mambo yataenda haraka na tutakuandikia barua nzuri ya utambulisho. Baba akasema naenda kufikiria, akarudi nyumbani akamuuliza mke wake, na mama akakumbuka mwenzake wa zahanati aliyewahi kusaini barua kama hiyo akakosa kila kitu. Hakusaini. Ukiacha kazi mwenyewe fao la upotevu wa ajira NSSF hulipati, lile la theluthi moja ya mshahara kwa miezi 6 kwa mtu aliyechangia angalau miezi 18, na kiinua mgongo cha sheria nacho unakiweka rehani. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004 inasema mshahara wa msingi wa siku 7 kwa kila mwaka uliokamilisha, mwisho miaka 10. Yeye alikuwa na mkataba wa kudumu na miaka 7 kamili, kwahiyo siku 49, kwa 34,600 hivi kwa siku inakuja kama 1,696,000. Ongeza mwezi mmoja wa notisi mana walimtoa bila notisi, ongeza likizo ambayo hakuchukua. (Mwenye mkataba wa muda maalum ulioisha tarehe yake asitegemee hicho kiinua mgongo, hakimhusu.) Kampuni mwanzo ilimletea hesabu isiyo na zile siku 49, alipowaambia kwa upole kwamba ana siku 30 za kupeleka shauri CMA, yani Tume ya Usuluhishi na Uamuzi, wakarekebisha. Baada ya kodi ikaingia 2,600,000.

Ila iliingia wiki ya 5. Na kilichoharibika kiliharibika ndani ya hizo wiki 5.

Mama alijua mume wake hana kazi, hakufichwa. Alichofichwa ni kitu kingine. Kila asubuhi aliamka akakuta elfu kumi mezani kama kawaida. Hakuuliza, akadhani baba ana akiba. Baba naye hakuwa na akiba ya maana, alikuwa anakopa kwenye simu, leo kwenye programu hii, kesho ile ya kulipia hii ya jana, mikopo ya wiki mbili ambayo unaomba elfu hamsini unapokea arobaini na kitu unarudisha hamsini na kitu. Wiki ya 4 zikafika 260,000. Yule mkopeshaji wa mwisho akafanya wanavyofanya, akatuma meseji kwa namba zilizo kwenye simu ya mkopaji, na namba ya kwanza ilikuwa ya mke. Mama akaisoma akiwa zamu ya usiku.

Watu wengi wakisikia hapo wanasema mwanaume muongo. Mi naona tofauti kidogo. Hakuwa anakopa anywe, alikuwa anakopa ili ile noti iendelee kuwepo mezani, kwa sababu ile noti ndo ilikuwa kazi yake ya ubaba kwa miaka 10. Na tusijifanye kwamba ni kichwa chake tu, hata Sheria ya Ndoa ya 1971 inampa mume wajibu wa kumtunza mke, na mke anabebeshwa wajibu wa kumtunza mume pale tu mume anapokuwa hawezi kutafuta riziki kwa ugonjwa au kuumia. Mwanaume mzima mwenye afya asiye na kazi hayupo kwenye hicho kifungu. Kwahiyo usitegemee atakaa nyumbani akajisikia sawa kwa kuambiwa tu jisikie sawa.

Mama alifanya alichoona ni wema. Hakugomba sana, akasema acha kukopa, mimi nitaacha ya matumizi. Asubuhi yake akaondoka akaacha elfu kumi chini ya kopo la sukari. Jioni amerudi akaikuta palepale, baba hajaigusa, watoto wamekula uji na maandazi ya kukopa kwa Mangi. Wakagombana kuliko walivyogombana kwa ajili ya mikopo. Baba anasema umeniachia hela kama mtoto anayeenda shule. Mama anasema miaka 10 wewe umeniachia hivyohivyo mbona mimi sikuwa mtoto.

Hilo swali la mama ni zito na ukweli baba hakuwa na jibu, wala mimi. Lakini ndo lilinionyesha tatizo liko wapi. Ile ya kuachiana hela kidogokidogo kila siku ni mbaya kwa yeyote anayepokea, ni kwamba tu mama alishaizoea. Kila siku kuna mtu anayetoa na mtu anayengoja, kila siku kuna nafasi ya kuulizwa jana ilibaki shilingi ngapi. Kugeuza tu mkono, aliyekuwa anapokea ndo atoe, unahamishia uchungu upande wa pili.

Mshenga wao aliitwa kabla yangu. Ushauri wake ulikuwa mama jishushe, mwanaume akikosa kazi anakuwa kama kidonda. Mama alijishusha kweli, akawa anampigia magoti kumpa hela. Ikawa mbaya zaidi mana sasa inaonekana kama maigizo, baba mwenyewe aliniambia dada bora angenitupia. Sina ugomvi na heshima, ila unyenyekevu hauandiki bajeti.

Basi wiki ya 7 nikakaa nao, hela ya kampuni imeshaingia na haijaguswa, kila mmoja ana mpango nayo kichwani. Baba anataka pikipiki ya bodaboda ampe kijana amletee hesabu kila siku. Mama anataka ilipwe ada yote na iliyobaki ifungiwe. Nikawaambia kabla ya mipango tuandike mwezi wenu unakula nini. Kodi 200,000. Chakula walikuwa wanatumia laki tatu, wakakubaliana 240,000. Umeme, gesi na maji 70,000. Nauli ya mama 40,000. Hisa za kikoba wakashusha hadi 40,000, mama mzazi wa baba kule Kondoa alikuwa anatumiwa 50,000 ikawa 20,000, dharura 50,000. Na 60,000 ambayo nitaielezea. Jumla 720,000. Mama anaingiza 620,000 ukichanganya na mafuta, pengo ni laki moja kwa mwezi.

Kwenye ile 2,600,000 tukatoa kwanza 400,000 ya madeni yote, yale 260,000 ya simu na 140,000 ya kikoba. Hayo ya simu hayasubiri, huwezi kupanga bajeti ya nyumba huku kuna kitu kinazaa kila wiki. Tukatoa 600,000 ada ya muhula wa pili wa mapacha. Ilibaki 1,600,000, na pengo la laki kwa mwezi ukiligawa humo unapata miezi 16. NSSF ikianza kulipa laki tatu kwa mwezi pengo lenyewe linafutika kwa muda. Mama alikaa kimya akaangalia lile daftari muda mrefu, akasema kumbe. Alikuwa amepanga begi kwa hofu ya kitu ambacho hakikuwepo, alidhani wamebakiza miezi miwili.

Dada wa kazi walikuwa wameshamrudisha kwao ili kuokoa 70,000, nitarudi hapo.

Sasa utaratibu wa hela. Nilichowashauri ni kuua kabisa kuachiana. Mshahara wa mama ukiingia, siku hiyohiyo unagawika mara moja: kodi inaenda kwenye laini ya simu ambayo haina matumizi mengine, ya umeme na maji inakaa kwa mama, na 240,000 ya chakula yote inaenda kwa baba kwa mkupuo. Sio elfu nane kwa siku. Yote. Yeye ndo anajua soko, yeye ndo anajua mwezi utafikaje mwisho, na mama haruhusiwi kuuliza jana umenunua nini. Anaruhusiwa kuuliza kitu kimoja tu, kwenye kikao cha Jumamosi ya mwisho wa mwezi: ilitosha au haikutosha.

Mama aligoma hapo. Akasema mtu aliyenificha mikopo ya simu nimpe laki mbili na arobaini mkononi? Hoja yake ilikuwa halali, sikutaka kuipita juu juu. Tukakubaliana mwezi wa kwanza itoke mara mbili, nusu tarehe ya mshahara na nusu katikati ya mwezi, bila kujali ya kwanza imekwendaje, yani nusu ya pili haikatwi kama adhabu. Na baba akafuta zile programu za mikopo mbele yake, akampa na nywila ya simu. Hiyo ya nywila hakuombwa, aliitoa mwenyewe.

Na ile 60,000 ni hela ya mfukoni, thelathini ya baba, thelathini ya mama, ambayo hakuna anayemhoji mwenzie. Hii ndo watu wanaikata kwanza kwenye bajeti za shida kwa sababu inaonekana anasa, na mi naona ndo ya mwisho kukata. Mwanaume asiye na elfu mbili ya kununua soda akiwa na wenzake anaacha kukaa na wenzake, na kazi nyingi hapa mjini unazisikia kwenye kukaa na watu, sio kwenye matangazo. Asiyekuwa na bando hapigi simu kwa fundi aliyesikia kwamba stoo fulani wanatafuta mtu. Na akiiomba hiyo elfu mbili kwa mke kila siku mmerudi kwenye kopo la sukari.

Pikipiki nikaikataa waziwazi. Sio kwamba bodaboda hailipi, ila kuweka karibu hela yote ya kuachishwa kwenye chombo kimoja, anaendesha mtu mwingine, wiki mbili baada ya kuipata, huku hujawahi kufanya hiyo biashara, ni hofu hiyo imevaa nguo za biashara. Anataka awe na kitu cha kusema akiulizwa siku hizi uko wapi. Ningemwelewa kama angekuwa anaendesha mwenyewe.

Badala yake tukaangalia mafuta ya mama. Ilikuwa mwezi wa 7, alizeti imetoka shambani, mafuta Kibaigwa yako chini. Mama alikuwa ananunua kwa mtu wa kati hapa mjini. Wakatenga 300,000, baba akapanda gari hadi Kibaigwa akaleta madumu matatu ya lita 20, kwa bei ya wakati ule 84,000 kila moja, nauli na kupakia vikatoka kwenye iliyobaki. Mama akauza lita 5,500. Dumu moja likaleta 110,000, ukitoa gharama zote dumu linabakiza elfu ishirini na kidogo, na madumu yanaisha ndani ya siku 10 kwa sababu wateja walikuwepo tayari.

Hapa ndo palizaa kinyongo cha pili, na sikukiona kikija. Mwezi ulipoisha baba akaja na wazo la kuongeza mtaji, kuchapa karatasi za kubandika kwenye chupa, na kwenye kusema akasema biashara yangu. Mama akanuna siku tatu. Hiyo laki yake ya mafuta ndo ilikuwa hela pekee aliyoianzisha mwenyewe kabla ya yote haya, sasa mshahara wake wote umeingia kwenye nyumba na mafuta nayo yamechukuliwa. Tukarudi mezani. Wateja na faida ya kiwango cha zamani, ile laki moja, ni vya mama na vinaingia kwenye bajeti kama mchango wake kwa jina lake. Kinachozidi laki kwa sababu baba ameenda Kibaigwa na ameongeza wateja wa Nkuhungu, wanagawana nusu kwa nusu. Mwezi wa 8 kilichozidi kilikuwa 64,000, baba akapata 32,000. Ni hela ndogo ila ilikuwa ya kwanza kuingia mkononi mwake tangu mwezi wa 5 bila kupitia kwa mtu.

Turudi kwenye kazi za nyumbani mana ndo mama alikuwa anachokea. Baada ya dada wa kazi kuondoka, baba alikuwa anasaidia. Ukimwambia osha vyombo anaosha. Ukimwambia kamchukue mtoto anaenda. Mama anatoka zamu ya usiku saa 2 asubuhi anafika anakuta watoto wameenda shule, sawa, lakini mmoja ameenda na soksi za jana na vyombo vya jana vimelala kwenye beseni, na baba anasema hukuniambia. Yani mama bado ndo msimamizi wa nyumba nzima, amepata kibarua tu, tena kibarua mwenye hasira. Baba kwa upande wake anaona amefanya mambo mengi leo kuliko mwanaume yeyote wa mtaa huu na hakuna shukrani. Wote wawili walikuwa wanasema kweli.

Tukagawa kwa maeneo badala ya kazi mojamoja. Asubuhi ya watoto yote ni ya baba, kuanzia yunifomu kuwa safi Jumapili hadi daftari kusainiwa. Soko na jiko siku ambazo mama yuko zamu. Maji pia, mana huku maji yanatoka kwa mgao na mtu anayeshinda nyumbani ndo anaweza kuyavizia akajaza madumu na tenki. Mama kabaki na masomo ya jioni, nguo zake za kazi, na jiko siku za mapumziko. Saa 3 mpaka saa 7 mchana baba hapewi kazi yoyote ya nyumbani, hiyo ni saa ya kutafuta kazi, kuzunguka, kupiga simu, kwenda Kibaigwa. Hiyo mama alikuwa amesahau kabisa, mtu akiwa nyumbani muda wake wote unaonekana wazi, kila mtu anamtuma, mpaka jirani anamwachia mzigo wa kupokelea.

Sharti gumu lilikuwa upande wa mama: eneo likishakuwa la mwenzio hulikagui. Baba wiki ya kwanza alienda Majengo akarudi na sado nzima ya nyanya mana ilikuwa rahisi, nusu ikaoza, mama akang'ata ulimi. Wiki ya tatu baba alikuwa anajua yupi anauza mlenda mkavu wa bei nzuri na siku gani dagaa wanashuka. Nguo nazo, alifua mchana akaanika, upepo wa kiangazi wa Dodoma ukazipaka vumbi jekundu, akafua tena usiku. Baada ya hapo anafua alfajiri zinakauka kabla ya saa 4 upepo haujaanza. Mama angeweza kumwambia mapema. Ila angemwambia hilo, angemwambia na la chumvi, na la namna ya kukunja, na mwisho eneo lingerudi kwake.

Mwanzo baba alikuwa anaanika nyuma ya nyumba karibu na choo ili wapangaji wenzie wasimwone. Walimwona. Kijana mmoja wa bodaboda pale kona akaanza kumwita marioo. Hiyo iliuma, na hapa sina dawa, baba aliniambia alichofanya ni kuhamishia nguo mbele, kwa sababu kule nyuma alikuwa anaonekana mtu anayejificha.

La mama mkwe lilitaka utaratibu. Alipiga simu kutoka Kondoa, si kwa mwanae, kwa mkwe: mwanangu nasikia mume wako anafua nguo, tena na hela yangu imepungua, kuna nini huko? Mama Mapacha akajibu shikamoo mama, ngoja nikupe baba azungumze na wewe. Walishakubaliana kwamba kila mtu anajibu kwa ndugu zake mwenyewe. Baba akamwambia mama yake kwamba kazi imeisha, elfu ishirini nimeamua mimi, na mke wangu ndo ametuweka mjini. Bibi alinuna ila alinuna kwa mwanae. Ingekuwa mke ndo ametangaza ile elfu ishirini, mpaka leo angeitwa mkwe aliyefunga mkono wa mtoto wao.

Dalili kwamba bado kuna kinyongo zilikuwepo, na ni ndogo ndogo kweli. Mama akianza kusema hela yangu badala ya hela, najua kuna kitu. Baba akianza kununua chakula cha bei juu kuliko bajeti wageni wakija, najua anarudi kwenye noti ya mezani. Mwezi wa 9 NSSF walipoanza kulipa, ile laki tatu ya kwanza baba akanunua mbuzi nzima akaita watu. Mama akaja kwangu anawaka. Kwenye kikao cha Jumamosi wakakubaliana laki mbili ya NSSF iende kwenye pengo na akiba, laki moja baba aamue, na mbuzi wa kwanza asizungumzwe tena. Hapo mi nilikuwa upande wa baba kimoyomoyo, mtu miezi minne hajawahi kukaribisha mtu kwake.

Mwezi wa 11 baba akapata kazi stoo kwa mkandarasi mwingine huko Ihumwa, mkataba wa mwaka mmoja, 600,000 kabla ya makato, chini sana ya zamani. Na kwa kuwa ameajiriwa, fao la NSSF likasimama. Ndoa nyingi zinateleza hapa, kazi ikirudi kila kitu kinarudi kama springi, baba anashika noti, mama anashika jiko, na yale ya katikati yanakuwa aibu ya familia isiyotajwa. Wao kikao cha mwezi huo kilichukua masaa matatu. Chakula kimebaki kwa baba kwa mkupuo, anasema hawezi kumrudishia mtu anayenunua nyanya kwa bei ya kuambiwa. Asubuhi ya watoto imebaki yake mpaka saa 12 na nusu, halafu anawahi gari. Dada wa kazi amerudi na analipwa nusu kwa nusu, zamani mama ndo alikuwa anamlipa peke yake kwa sababu ilihesabika ni msaidizi wake. Kuuza mafuta kumerudi kwa mama, baba anaenda Kibaigwa mara moja kwa mwezi kwa nusu ya kinachozidi, kama zamani.

Kilichobaki ni kiwanja cha Nzuguni. Baba alikuwa anakilipia kwa awamu tangu yuko kazini, kwa jina lake peke yake, na wakati hana kazi mama ndo alilipa awamu mbili kutoka kwenye akiba. Mama anataka jina lake liingie kwenye mkataba wa mauziano kabla ya awamu ya mwisho. Baba anasema ataliingiza kwenye hati, sio sasa, mana muuzaji ni mzee mgumu. Mama anasema muuzaji mgumu ndo sababu ya kufanya sasa, akiwa bado anadai hela. Mimi nasimama na mama. Wamekipangia kikao cha Januari na baba ameomba nisiwepo.